Vijiko Viwili kwenye Gunia

Haya ni mazungumzo yangu, daktari wa mifugo, na wafugaji wa kuku wa Dodoma, kuhusu dawa tunazochanganya kwenye chakula cha kuku na vimelea sugu, yaani bakteria ambao dawa haiwawezi tena. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa msibani, safarini, au waliobaki kulisha. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mbukwenyi!

Haya, naona Wagogo wameitika kwa nguvu kuliko sisi tuliohamia. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, habari za mabanda? Vijana, mambo?

Kwenye ule ujumbe wa simu niliwaomba kila mmoja aje na pakiti tupu ya kile anachowachanganyia kuku wake, iwe dawa, iwe vitamini, iwe ya kutagisha. Naziona. Nyingine mmezishika mkononi, nyingine mmezikunja kwenye pochi kama risiti ya umeme. Zishikeni hivyohivyo. Msizisome bado.

Nitaanza na banda moja la Nkuhungu. Mwenyewe ameniruhusu nilisimulie bila jina lake, na inawezekana yumo humu ndani, kwa hiyo msigeuke kutafutana.

Mama huyu alikuwa na kuku wa mayai 300. Alinipigia simu akaniambia, "Daktari, wanakufa wawili watatu kila siku, na dawa nawapa." Nikamuuliza, dawa gani? Akasema ile ya njano. Tangu lini? Akasema tangu vifaranga. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza tena, tangu lini? "Tangu vifaranga, daktari. Kila gunia naweka vijiko viwili. Ndiyo kinga yao."

Vijiko viwili kwenye gunia. Ni wangapi humu ndani tunafanya hivyo? Msinyooshe mikono, nimeshaona mnavyoangaliana.

Nilipofika nilipasua kuku mmoja aliyekufa usiku. Ini lilikuwa limefunikwa na utando mweupe mzito, kama ute wa yai uliopikwa ukashikamana na sufuria. Moyo nao hivyohivyo, umevishwa koti. Vile vifuko vya hewa, ambavyo kwa kuku mzima huonekana kama nailoni safi, vilikuwa na ukungu na mabonge ya njano. Aliyewahi kupasua kuku wengi anajua hapo anatazama kazi ya bakteria aitwaye E. koli. Huyu ni mkazi wa kawaida wa utumbo, wa kuku na wa binadamu pia. Wengi wa jamii yake hawana shida na mtu. Shida inaanza akishaingia kwenye mapafu, kwenye damu, au kwetu sisi kwenye njia ya mkojo.

Nikachukua sampuli ya ini, ikaenda maabara. Nataka niwaeleze kilichoonekana kule, kwa sababu wengi wetu tunasikia "vimelea sugu" kwenye redio lakini hatujawahi kuviona kwa macho.

Maabara wana sahani ndogo yenye kifuniko, na ndani mna kitu kama uji ulioganda. Wanaupaka bakteria juu yake, uso mzima, halafu wanaweka juu vidonge vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 usiku mzima. Asubuhi unaitazama. Bakteria wameota wakatanda kama ukungu mweupe. Mahali ambapo dawa inafanya kazi, kidonge kimezungukwa na duara safi, uwanja mtupu, na unauchukulia rula. Kwa tetrasaiklini, ambayo ndiyo jamii ya ile dawa ya njano, duara la milimita 15 au zaidi maana yake dawa inafanya kazi. Likiwa 11 au pungufu, umekwama.

Sahani ya mama wa Nkuhungu haikuhitaji rula. Ukungu ulikuwa umeota mpaka kwenye ukingo wa kidonge cha tetrasaiklini. Bakteria wamekaa wameegemea dawa kama watu wanaoegemea ukuta wa kituo cha daladala. Hilo nililitarajia. Nilichokuwa sikukitarajia ni kidonge cha ampisilini: nacho kimeegemewa. Kile cha salfa iliyochanganywa na trimethoprimu: nacho. Na mama huyu, tangu aanze kufuga, hakuwahi kununua ampisilini wala salfa hata siku moja.

Bakteria wake waliupata wapi usugu huo? Shikilieni swali hilo.

Kwanza turudi kwenye vijiko. Nilimwomba mama aniletee kijiko chake chenyewe na pakiti yenyewe, na mzani wa jikoni. Kijiko kikijaa kilibeba gramu 10 za unga. Pakiti iliandikwa oksitetrasaiklini asilimia 20, kwa hiyo kwenye gramu 10 za unga dawa halisi ni gramu 2, nyingine zote ni kibebeo. Vijiko viwili ni gramu 4 za dawa. Gunia lake la chakula lilikuwa na kilo 70. Gramu 4 ni kama kijiko kimoja cha chai cha sukari. Sasa chukua kijiko cha chai cha sukari, ukimwage kwenye gunia zima la pumba, paraza, mashudu na dagaa, uchanganye kwa chepe sakafuni. Niambie kuku yupi atapata nini.

Lakini tuseme amechanganya vizuri kuliko mashine. Kuku wake mmoja anakula gramu 120 kwa siku. Kuku 300 wanakula kilo 36, yaani nusu gunia na ushee kidogo. Kwa hiyo kundi zima linapata kama kijiko kimoja cha unga kwa siku. Gramu 10.

Je, wangekuwa wagonjwa kweli, wangehitaji ngapi? Kuku wa mayai ana uzito wa kilo 1.8 hivi. Mara 300 ni kilo 540 za kuku. Kiwango cha tiba kinatofautiana kulingana na pakiti, lakini tuchukue kile cha chini ambacho wengi wanakitumia, miligramu 20 za dawa kwa kila kilo ya mwili. Hiyo ni gramu 10.8 za dawa halisi, sawa na gramu 54 za ule unga. Kwa siku moja.

Yeye anatoa 10. Ugonjwa unataka 54.

Mnaona tatizo? Dawa hiyo haitoshi kumtibu kuku mgonjwa. Lakini inatosha sana kuwasumbua bakteria dhaifu wa utumboni na kuwaacha wale wenye ujanja. Na inawafanyia hivyo leo, kesho, keshokutwa, mwaka mzima. Ukitaka kufuga bakteria sugu kwa makusudi, ukaniomba ushauri wa kitaalamu, nitakuambia ufanye hivyohivyo: kidogo, kila siku, bila kuacha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, kwa ajili ya ganda. Tetrasaiklini na kalsiamu ya chokaa zikikutana zinashikana, na dawa iliyoshikwa haipenyi vizuri kuingia kwenye damu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile kidogo inabaki utumboni na kutoka na kinyesi. Mapafuni, ambako ndiko ugonjwa uliko, haifiki ya maana. Na utumboni, ambako ndiko E. koli wanakoishi kwa mamilioni, ndiko inakoshinda.

Na pesa? Gramu 10 kwa siku kwa mwaka ni kilo 3.65 za unga. Tiba kamili ya siku 5 kwa kundi lote ni gramu 270. Mama alikuwa ananunua unga wa kutibu kundi lake mara kumi na tatu kila mwaka, halafu hajalitibu hata mara moja.

Nataka kuwa mkweli hapa. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliwahi kumwambia mfugaji, "weka kidogo tu kwenye chakula, itasaidia." Nilikuwa nimeisikia kwa mkubwa wangu, naye aliisikia kwa mkubwa wake. Wazo lenyewe lina historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wawili wa Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walikuwa wanatafuta chakula cha bei nafuu chenye vitamini B12 cha kulishia vifaranga. Wakawalisha mabaki ya bakteria wa udongoni anayetengeneza dawa ya klorotetrasaiklini. Vifaranga wakanenepa kuliko vitamini peke yake ingeweza kuwanenepesha. Kumbe mabaki yalikuwa bado yana dawa ndani. Kuanzia hapo, tani kwa tani za antibayotiki zikaingia kwenye chakula cha mifugo duniani, si kwa ajili ya kutibu, kwa ajili ya kunenepesha. Ulaya walikuja kupiga marufuku kabisa matumizi hayo ya kukuzia tarehe 1 Januari 2006. Karibu miaka sitini baadaye.

Sasa mtaniuliza: sawa, bakteria wa kuku wamekuwa sugu. Ni wa kuku. Mimi wananihusu nini?

Hilo ndilo swali ambalo daktari mmoja, Stuart Levy, alilifanyia kazi katikati ya miaka ya 1970, kwenye shamba dogo la familia katika mji wa Sherborn, jimbo la Massachusetts, Marekani. Cha kuchekesha, fedha za utafiti zilitoka kwa umoja wa watengenezaji wa dawa za mifugo wenyewe. Walitaka ithibitishwe kwamba hakuna madhara.

Walichukua kuku 300. Nusu wakalishwa chakula chenye oksitetrasaiklini kidogo, dawa ileile ya njano mnayoijua. Nusu wakala chakula kitupu. Halafu kila wiki wakawa wanapima kinyesi cha kuku, kinyesi cha wanafamilia wa pale shambani, watu 11, na kinyesi cha majirani 24 ambao hawakuwa na habari na kuku hao.

Wiki ya kwanza haijaisha, bakteria wa utumboni wa kuku waliolishwa dawa walikuwa karibu wote sugu. Wiki moja! Kwa watu ilichukua muda zaidi. Kufikia mwezi wa tano, wa sita, karibu theluthi moja ya vinyesi vya wanafamilia, asilimia 31 na nukta kidogo, vilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao ni sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani vilikuwa asilimia 6.8. Na jamaa hawa wa shambani hawakuwa wanameza dawa. Walikuwa wanalisha kuku, wanaokota mayai, wanafagia banda. Basi.

Na sikilizeni hili, ndilo lililonikumbusha sahani ya Nkuhungu. Kuku wale walilishwa dawa moja tu. Lakini kabla miezi mitatu haijapita sana, bakteria wao wengi walikuwa wanahimili na dawa nyingine ambazo hawajawahi kupewa.

Bakteria wa Nkuhungu waliupata wapi ule usugu? Sasa tulijibu.

Bakteria hajifunzi usugu kama mtoto anavyojifunza kuendesha baiskeli. Anakuwa na maandishi yake. Tetrasaiklini, kwa mfano, maandishi yanamwelekeza atengeneze pampu kwenye ukuta wa mwili wake: dawa ikiingia, anaivuta na kuitupa nje, kama mnavyovuta maji kwenye shimo la msingi wakati wa masika. Maandishi haya mara nyingi yako kwenye duara dogo ndani ya mwili wake, linaloitwa plasmidi. Na plasmidi inanakiliwa. Bakteria mmoja anamgusa mwenzake, anamtolea kopi, basi, wote wawili wana pampu. Hata kama mwenzake ni wa jamii nyingine kabisa, kwa mfano salmonela.

Ubaya wake ni kwamba plasmidi ni kama karatasi, na karatasi ile haina habari moja tu. Inaweza kuwa na mistari ya tetrasaiklini, ikafuatiwa na ya ampisilini, ya streptomaisini, ya salfa, yote kwenye plasmidi moja. Ukiweka tetrasaiklini kwenye gunia, anayebaki hai ni mwenye karatasi. Na mwenye karatasi anabaki na karatasi nzima. Hivyo ndivyo mama yule alivyofuga usugu wa ampisilini bila kununua ampisilini. Kwa hiyo ule utetezi wetu wa kila siku, "mimi natumia dawa ya kuku, situmii dawa ya watu," hauna miguu. Tetrasaiklini, ampisilini, salfa na trimethoprimu, hizi ni dawa ambazo binadamu naye anaandikiwa hospitalini.

Kuna dawa moja ambapo jambo hili liliwashtua madaktari dunia nzima. Kolistini ni dawa wanayoiweka akiba kwa mgonjwa aliyekataliwa na nyingine zote. Wakati huohuo China walikuwa wanaitia kwa tani kwenye chakula cha nguruwe. Novemba 2015 wanasayansi wa huko wakatangaza kwamba wamepata usugu wa kolistini umeandikwa kwenye plasmidi, yaani unaweza kunakiliwa, na wameukuta kwa nguruwe, kwenye nyama buchani, na kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 2017 nchi hiyo ikaipiga marufuku kama dawa ya kukuzia, na vipimo vya miaka iliyofuata vikaonyesha usugu ule umeshuka sana, kwa wanyama na kwa watu.

Tuje nyumbani. Bakteria sugu anatokaje bandani mpaka tumboni kwangu?

Watu wengi wakisikia "kwenye chakula" wanafikiri ni ndani ya mnofu. Mnofu ukiiva vizuri, bakteria wamekufa, sugu na asiye sugu. Usugu haumfanyi ahimili moto; unamfanya ahimili dawa. Kuku choma wa mnada wa Msalato aliyeiva mpaka mfupani hana neno. Mpikieni mgeni bila wasiwasi.

Nenda nyuma kidogo, kabla ya jiko. Jumamosi, wageni wanakuja. Kuku anachinjwa uani, anatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya moto, ananyonyolewa. Wa pili ndoo ileile, wa tatu ndoo ileile, maji yameshakuwa mchuzi. Anapasuliwa utumbo, utumbo unachanika kidogo, unamwagika kwenye ubao. Kuku anaoshwa kwenye beseni, maji yanaruka. Anaingia jikoni. Ubao unamwagiwa maji mara moja, unapanguswa na kitambaa kilekile. Halafu binti anaambiwa, kata kachumbari.

Nyanya, kitunguu, pilipili. Hazipiti motoni. Kuku aliiva, kachumbari haikuiva. Hapo ndipo daraja lilipo, mama zangu. Ubao mwingine wa mboga, au mboga zikatwe kwanza kuku aje baadaye, na mikono kwa sabuni katikati. Na kuku mbichi kutoka duka la nyama, amekwisha safishwa, hana haja ya kuogeshwa tena kwenye sinki mkarusha maji kila mahali.

Njia ya pili ni mikono na viatu. Mliona wale wa Massachusetts. Ndala za bandani zibaki bandani. Mtoto asipewe vifaranga wa kuchezea halafu akapewa andazi. Trei za mayai zenye kinyesi zisitue kwenye meza ya kulia. Ni mambo madogo, hata yanaboa kuyasema, lakini familia ile iliambukizwa kwa mambo madogo.

Ya tatu ni mbolea, na hii hatuizungumzi kabisa. Kuku 300 wanatoa zaidi ya kilo 30 za kinyesi kwa siku, karibu tani moja kwa mwezi. Inakwenda wapi? Inauzwa kwa viroba kwa watu wa bustani, inawekwa kwenye matuta ya mchicha na saladi, mara nyingi ikiwa mbichi. Humo mna bakteria sugu, na mna ile dawa iliyokataa kuingia kwenye damu, inaendelea kuchagua walio sugu hata kwenye udongo. Mchicha tunaupika. Saladi hatuipiki.

Mbolea ikirundikwa vizuri inajipasha moto yenyewe. Rundo likipita nyuzi 55 ndani na kukaa hivyo siku 15, ukiligeuza mara tano ili la nje liingie ndani, bakteria wengi hawavuki. Lakini hapa kwetu Dodoma rundo linakauka upepo ukilipiga, na rundo kavu halichemki. Linahitaji maji kila unapoligeuza: ukikamata konzi ya mbolea ukaiminya, iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Nako tusidanganyane, moto wa rundo unaua bakteria vizuri kuliko unavyomaliza dawa.

Nitenganishe kitu kimoja ambacho watu wanakichanganya hata kwenye vyombo vya habari. Kuna masalia ya dawa, na kuna bakteria sugu. Si kitu kimoja. Masalia ni dawa yenyewe iliyobaki ndani ya yai au nyama kwa sababu umeuza kabla muda wa kusubiri haujaisha. Kuchemsha yai hakuyaondoi yote. Bakteria sugu ni kiumbe hai, na kuchemsha kunamuua. Kwa masalia, tiba ni kalenda: soma pakiti inasema mayai yasiuzwe siku ngapi, na pakiti nyingine inakataza kabisa dawa hiyo kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Kwa bakteria sugu, tiba ni usimfuge tangu mwanzo. Sasa mtu anayeweka vijiko viwili kila gunia, atasubiri siku ngapi, ikiwa hajawahi kuacha siku hata moja? Kila trei aliyouza ilikuwa ndani ya muda wa kusubiri.

Na kwa haki, usugu mwingi tunaouona hospitalini tunautengeneza wenyewe watu, kwa kumeza vidonge vya mafua, kuacha dozi njiani, kununua rangi mbili za kapsuli dukani bila kipimo. Kuku hawawezi kubebeshwa mzigo wote. Mzigo wao ninaujua, na ndio nimekuja nao leo.

Mama wa Nkuhungu tulifanyaje? Kwanza nilimuuliza, vijiko vilikuwa vya nini? Akasema, mdondo, na kutagisha. Mdondo ni kirusi. Antibayotiki haimgusi kirusi, hata ungemwaga pakiti nzima kwenye gunia. Mdondo una chanjo, na ile inayostahimili joto inatengenezwa hapahapa nchini na maabara ya veterinari ya serikali, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Nikamuuliza mara ya mwisho kuchanja. Akatazama chini.

Halafu tuliingia bandani na mlango tukaufunga. Kwa dakika moja macho yakawa yanawasha. Amonia. Alikuwa ameziba madirisha kwa magunia kwa sababu ya upepo na vumbi la Juni, maranda yameloa chini ya vinyweshea, na kinyesi kinachemka. Hewa kama hiyo inaunguza njia ya pumzi ya kuku, vumbi linabeba E. koli, mlango uko wazi anaingia. Ule utando kwenye ini ulianzia kwenye yale magunia ya dirishani. Ukiingia bandani ukachuchumaa, kichwa chako kikiwa usawa wa kuku, ukasikia ukali puani, wao wanakaa humo saa 24.

Tulitoa maranda yaliyoloa. Tulifungua juu ya ukuta tukaacha chini pazibwe, ili upepo usiwapige lakini hewa mbaya itoke. Vinyweshea vilivyovuja vikatengenezwa. Kijiko kikaondolewa. Kwa wale waliokuwa wagonjwa tayari, tulichagua dawa kwa kuangalia duara kwenye sahani, siyo kwa rangi ya pakiti. Tuliwapa kwenye maji siku tano mfululizo, kiwango kamili kwa uzito wao. Kwa nini maji? Kwa sababu kuku mgonjwa anaacha kula kabla ya kuacha kunywa. Dawa ya kwenye chakula inawafikia walio wazima, na wagonjwa inawakosa. Mayai ya siku hizo, na ya siku za kusubiri baada yake, hayakwenda sokoni. Iliuma. Trei zilihesabiwa, zikafukiwa, na mume wake alinuna wiki nzima.

Vifo havikukoma siku ile. Viliendelea kidogo, wiki ya pili vikawa viwili kwa wiki, halafu vikaisha. Utagaji ulipanda taratibu. Hakurudisha kijiko, na hilo lilimwogopesha kuliko vifo. Alikuwa ananipigia kila Jumatatu: "Daktari, una uhakika nisiweke hata nusu?"

Kule Sherborn, kuku walipoondolewa chakula chenye dawa, miezi sita baadaye walipimwa watu 10 wa pale shambani, na kwa wanane bakteria sugu wa tetrasaiklini hawakuonekana tena. Wanane kati ya kumi. Wawili bado.

Basi, tuzirudie pakiti. Mbele kumeandikwa nini? "Vitamini." "Ya kutagisha." "Ya kukuzia." Kuna picha ya kuku mweupe, yai, pengine jua linachomoza. Hiyo ndiyo sehemu iliyoandikwa ili muinunue. Sasa geuzeni nyuma. Kuna maandishi madogo, orodha ya vilivyomo kwa kila gramu au kila kilo. Vitamini A, D3, E, B2, zitakuwepo. Someni mpaka chini. Mnatafuta neno lolote linaloishia na "saiklini", "maisini" au "silini", au linaloanza na "salfa". Pakiti nyingi wameandika Kiingereza, lakini sauti ni ileile mkiitamka.

Mama wa safu ya tatu, mwenye kitenge cha kijani, anza wewe. Soma kwa sauti, taratibu. Kijana mpe kipaza sauti.